Folda unaiona tupu ila rmdir inagoma: hiyo "Directory not empty" inatoka wapi na ufanyeje

Kuna hili jambo linawachanganya sana watu wanaoanza kutumia terminali, na hata wazoefu linawakuta siku wakiwa na haraka. Umefuta mafaili yote ndani ya folda, umepiga `ls` ukaona peupe, sasa unasema ngoja nimalizie na folda yenyewe, unaandika `rmdir ripoti`, halafu kompyuta inakujibu hivi:

```
rmdir: failed to remove 'ripoti': Directory not empty
```

Yaani inakwambia folda ina vitu. Vitu gani tena, si nimefuta vyote? Ukiuliza watu hapo utapata majibu ya kila rangi. Mmoja atasema folda imeharibika, mwingine atasema weka `sudo` mbele, na wa tatu, huyu hakosekani, atakwambia achana na hizo habari piga `rm -rf` basi. Wa kwanza na wa pili wamekosea tu, hawana madhara. Huyu wa tatu ndo wa kumwogopa kwa sababu ushauri wake unafanya kazi, na unafanya kazi hata kwenye folda ambayo hukutakiwa kuigusa.

Mi msimamo wangu ni huu: ujumbe huo haudanganyi. Ukiuona, jua ndani kuna kitu kweli, kazi yako ni kujua ni nini kabla hujachagua komandi ya kukiondoa. Ukishajua kitu chenyewe, komandi inajichagua yenyewe.

Kwanza folda ni nini hasa

Tumezoea kuiona folda kama boksi, na picha ile ya njano kwenye skrini imetukaririsha hivyo. Ila kwa kompyuta folda ni kama daftari la majina tu. Kila mstari una jina la faili na namba inayoelekeza faili lenyewe liko wapi kwenye diski. Mafaili hayakai ndani ya daftari, majina ndo yanakaa.

Sasa fikiria ungeruhusiwa kulichana hilo daftari huku bado lina majina. Mafaili yangebaki kwenye diski yakila nafasi na hakuna njia ya kuyafikia, maana aliyekuwa anajua yalipo ni daftari na daftari halipo tena. Ndo maana kiini cha mfumo wa Linux, kile wenyewe wanakiita kerneli, kinakataa katakata kufuta daftari lenye hata mstari mmoja. Hiyo ni sheria iliyoko chini kabisa, na `rmdir` haikuitunga hiyo sheria, inaifuata tu: yenyewe inachofanya ni kupeleka ombi kwa kerneli, "naomba ufute folda hii", kerneli inaangalia daftari, kama halina jina inafuta, kama lina jina inarudisha kosa linaloitwa `ENOTEMPTY`, na `rmdir` inakutafsiria kuwa Directory not empty.

Hapo utaona kwa nini `sudo` haisaidii kitu. `sudo` inakupa mamlaka ya mkuu wa mfumo, lakini swali hapa halikuwa wewe ni nani, swali lilikuwa daftari lina majina au halina. Tatizo likiwa ni la ruhusa ujumbe unakuwa mwingine kabisa, utaona `Permission denied`, na hapo sasa ndo uanze kufikiria mambo ya ruhusa. (Na kwa taarifa, ruhusa inayoangaliwa ukifuta folda ni ya ile folda iliyoibeba, ya juu yake, maana jina linalofutwa liko kwenye daftari la huko juu. Watu wanahangaika na `chmod` kwenye folda yenyewe wee mpaka basi.)

Imani nyingine inayozunguka ni hii ya ukubwa. Mtu anapiga `ls -l` anaona folda yake imeandikwa 4096 anasema unaona, ina vitu vya baiti 4096 vimejificha. Hapana. Kwenye diski nyingi za Linux, zile za ext4, folda tupu kabisa inaonyesha 4096 kwa sababu hiyo ndo nafasi ya karatasi moja ya daftari, iwe imeandikwa au haijaandikwa.

Sasa nani kabaki ndani

Tuchukue folda moja tuifuate mwanzo mwisho. Jamaa ana folda inaitwa `ripoti`, ameshaichoka, anataka iondoke. Kafanya hivi:

```
$ rm ripoti/*
$ ls ripoti
$ rmdir ripoti
rmdir: failed to remove 'ripoti': Directory not empty
```

Kosa la kwanza liko kwenye ile nyota. Watu wengi wanaamini nyota ina maana ya kila kitu, kumbe kwenye Linux nyota inamaanisha kila jina lisiloanza na nukta. Majina yanayoanza na nukta yamehesabiwa ni ya kujificha, nyota inayaruka, na `ls` ya kawaida nayo inayaruka. Kwa hiyo ukifuta kwa nyota halafu ukahakikisha kwa `ls`, umetumia macho mawili yenye upofu wa aina moja. Dawa yake ni hii:

```
$ ls -A ripoti
.git  .~lock.bajeti.ods#
```

Hao hapo. Angalia nimetumia A kubwa. Ukitumia a ndogo utaona pia `.` na `..`, ambazo ziko kwenye kila folda duniani, moja inamaanisha hapa hapa na nyingine inamaanisha folda ya juu, na hizo mbili kerneli haizihesabu kabisa inapoangalia kama folda ni tupu. Nimeshaona mtu anahangaika kuzifuta hizo nukta mbili akidhani ndo tatizo. Weka A kubwa usijipe presha.

Haya, tunao wawili, na kila mmoja ana habari yake.

Huyu `.~lock.bajeti.ods#` ni faili dogo ambalo LibreOffice inaliweka pembeni ya faili unalolifungua, ili mtu mwingine akija kulifungua aambiwe linatumika. Ukiliona hili lina maana moja kati ya mbili: ama `bajeti.ods` bado iko wazi kwenye dirisha fulani sasa hivi, ama programu ilizimika ghafla haikupata muda wa kufagia. Kama bado iko wazi basi jamaa yetu amefuta faili ambalo mtu, pengine yeye mwenyewe, bado analiandika! Ukilijua hilo mapema unaenda kwenye dirisha unalisevu sehemu nyingine, yameisha. Ukikurupuka na `rm -rf` unafuta ule ushahidi uliokuwa unakuambia subiri.

Huyu wa pili `.git` ndo mzito. Hiyo ndo folda inayobeba historia yote ya mradi kama unatumia git, kila toleo la kila faili ulilowahi kulirekodi. Mtu ameona mafaili yameondoka anadhani kilichobaki ni takataka, kumbe kilichobaki ndo bekapu. Na kwa sababu iko bado, hata yale aliyofuta kwa nyota yanarudi:

```
$ git -C ripoti log --oneline
$ git -C ripoti restore .
```

Ya kwanza inakuonyesha kilichorekodiwa, ya pili inarudisha mafaili yaliyokuwa yamerekodiwa. Yale ambayo hayakuwahi kuingizwa kwenye git hayarudi, hayo yameenda. Ila unaona tofauti: jamaa huyo huyo angeanza na `rm -rf ripoti` asingekuwa na cha kurudisha, labda kama alishapeleka nakala kwenye seva. Ule ujumbe uliomkera ndo umemwachia mlango wazi.

Basi nichague komandi gani

Ukishaona kilichomo na ukaridhika kwamba chote kiondoke, ndo unaenda kwenye `rm -r`. Herufi r inasema ingia mpaka ndani kabisa. Inavyofanya ni kwamba inashuka hadi folda ya chini kabisa, inafuta majina mojamoja, ikimaliza inafuta folda hiyo iliyokwisha kuwa tupu, inapanda juu, hivyo hivyo mpaka ifike ile uliyoitaja. Shika hiyo ya kwamba inamaliza na folda tupu, tutairudia sasa hivi.

Mimi mwenyewe kwa kazi ya mkono napenda hii:

```
$ rm -rI ripoti
rm: remove 1 argument recursively?
```

Hiyo ni I kubwa, inakuuliza mara moja tu kabla haijaanza. Kuna i ndogo nayo, inauliza kwa kila faili, na kwenye folda yenye mafaili mia tatu hakuna binadamu atakayesoma maswali mia tatu, baada ya la kumi unabonyeza y bila kuangalia na ulinzi umeshakufa.

Sasa hiyo f ambayo kila mtu anaipenda. Watu wanadhani f inaongeza nguvu, yaani vitu vilivyogoma bila f vitakubali ukiweka f. Kiukweli inachofanya ni mambo mawili: hailalamiki kama faili halipo, na haiulizi swali lolote. Basi. Kama huna ruhusa, na f yako utakataliwa vilevile. Sababu ya watu kuizoea ni kwamba mafaili mengi ya ndani ya `.git` yamewekwa ya kusoma tu, kwa hiyo `rm -r` bila f inakuuliza kwa kila moja kama una uhakika, na inachosha kweli, mtu akija kugundua f inanyamazisha maswali anaibandika kwenye kila komandi mpaka inakuwa mazoea ya vidole. Itumie ukiwa umeshaangalia, usiiweke kama salamu.

Na kama unataka kufuta ila unajijua una tabia ya kujuta, kwenye mifumo mingi ya Linux yenye madirisha kuna `gio trash ripoti`. Hiyo inapeleka folda nzima kwenye pipa la takataka na unaweza kuitoa. `rm` haina pipa, ikifuta imefuta.

Usiogope sana linki lakini. Kama ndani ya `ripoti` kuna linki inayoelekeza folda nyingine, `rm -r` inafuta linki tu, haiendi kufuta huko inakoelekeza. Cha kuogopa ni diski iliyopachikwa ndani ya folda, kwa mfano mtu amepachika flashi au diski ya seva nyingine kwenye `ripoti/nje`. Hiyo kwa `rm` ni folda kama folda nyingine, itaingia ifute kila kitu cha kwenye ile diski, halafu mwisho kabisa ikitaka kufuta `nje` yenyewe ndo inaambiwa `Device or resource busy`. Onyo linakuja wakati msiba umeshaisha. Ukiwa na shaka weka `--one-file-system`, hapo inakataa kuvuka kwenda diski nyingine.

Mbona hata rm -rf imeniambia Directory not empty?

Hili ndo swali ambalo likitokea watu wanaanza kuamini uchawi. Umepiga `rm -rf kache`, hiyo hiyo inayosemwa inafuta chochote, na bado:

```
rm: cannot remove 'kache': Directory not empty
```

Rudi kwenye kile nilichosema ushike. `rm -r` haina njia ya siri ya kufuta folda yenye vitu. Inatoa vitu kwanza, halafu inapeleka kwa kerneli ombi lile lile la `rmdir`. Kati ya kumaliza kutoa na kupeleka ombi kuna kamuda kadogo sana, na kama kuna programu inaendelea kuandika humo ndani, inaweza kutumbukiza faili jipya hapo hapo katikati. Ni kama kufagia chumba ambacho watoto bado wanacheza na makaratasi, ukifika mlangoni ukageuka nyuma kuna kipande kingine. Kerneli ikiangalia daftari inakuta jina, inakataa, na iko sahihi.

Utajuaje kama ni hii? Piga `ls -A --full-time kache`. Ukikuta faili ambalo tarehe yake ni ya sekunde chache zilizopita, jibu unalo. Kumjua mwandishi wake:

```
$ lsof +D kache
```

Inakuonyesha programu zilizofungua mafaili humo pamoja na namba zake. Izime hiyo programu kwa njia yake ya kawaida, kisha rudia kufuta, itapita. Kama huwezi kuizima sasa hivi kuna ujanja mmoja mzuri, badilisha jina la folda kwanza kwa `mv kache kache_futa` halafu ufute hiyo yenye jina jipya. Programu ikija na anwani ya zamani haitaikuta, itaunda `kache` nyingine huko na wewe hii yako unafuta kwa amani. Isipokuwa kama programu ilikuwa imeshakaa ndani ya folda yenyewe, hiyo itaifuata popote ulikoihamishia, na hapo hamna ujanja zaidi ya kuizima.

Kuna ndugu yake wa hili anayeonekana kwenye diski za mtandao za NFS. Kwenye diski ya kawaida ya Linux ukifuta faili ambalo programu imelifungua, jina linaondoka papo hapo na programu inaendelea kulitumia faili lisilo na jina mpaka ilifunge. NFS haiwezi kufanya hivyo vizuri, kwa hiyo inachofanya ni kulibadilisha jina liwe kitu kama `.nfs` ikifuatiwa na tarakimu nyingi, na kulisubiri lifungwe. Wewe unaona jina la ajabu, unalifuta, linatokea lingine, unafuta, linatokea tena. Usishindane nalo. Tafuta nani kalifungua (na anaweza kuwa yuko kwenye kompyuta yako hiyo hiyo, `lsof` itamtaja), akilifunga linaondoka lenyewe.

Windows nako hadithi ni ile ile, ila mitego imepangwa tofauti

Kwenye dirisha jeusi la cmd komandi ni `rmdir`, au kifupi chake `rd`, na tabia ni ile ile, folda tupu tu:

```
C:\kazi> rmdir ripoti
The directory is not empty.
```

Na upofu ni ule ule. `del ripoti\*` haigusi mafaili yaliyofichwa wala folda za ndani, na `dir` ya kawaida haiyaonyeshi yaliyofichwa. Macho kamili ni `dir /a ripoti`. Mara nyingi utakuta `desktop.ini` au `Thumbs.db`, hizo Windows imeziweka yenyewe kwa ajili ya muonekano wa folda na picha ndogo, hazina hasara zikiondoka. Ukiridhika:

```
C:\kazi> rmdir /s ripoti
ripoti, Are you sure (Y/N)?
```

`/s` ndo inayoingia ndani, na `/q` ukiongeza inanyamazisha hilo swali. Na hapa kuna watu wanajidanganya kwamba kwa kuwa ni Windows basi vitu vitakuwa Recycle Bin. Haviko. Pipa lile ni la madirisha, ukifuta kwa komandi hupitii huko.

Mtego mkubwa sasa ni PowerShell. Ukiona mstari unaanza na `PS C:\kazi>` jua hauko kwenye cmd tena, na humo neno `rmdir` ni jina la utani tu la komandi nyingine inayoitwa `Remove-Item`, ambayo haijui `/s` wala `/q`. Ukiandika `rmdir /s /q ripoti` kama ulivyofundishwa itakurudishia kosa kwamba haijaelewa hicho `/q`. Hilo ni afadhali, umekosea na hakuna kilichopotea. Kibaya zaidi ni ukiandika `rmdir ripoti` tupu ukitegemea ile tabia ya kukataa folda yenye vitu. PowerShell haikatai, inakuambia folda ina vitu ndani na ukiendelea vyote vitafutwa, unataka kuendelea? Na jibu lililowekwa tayari ni ndiyo. Yaani mtu aliyezoea kubonyeza Enter kuruka maneno marefu ameshafuta folda nzima kwa komandi ambayo sehemu nyingine zote ni ya folda tupu peke yake. Kwangu mimi hii ni sababu tosha ya kuandika komandi yenyewe kwa jina lake kamili na kuipima kwanza:

```
Remove-Item ripoti -Recurse -Force -WhatIf
```

`-WhatIf` inasema ingefuta nini bila kufuta, ukiridhika unaitoa unarudia. `-Force` hapo inahitajika kwa mafaili yaliyofichwa na yale ya kusoma tu. Na kama unachotaka kweli ni ile `rmdir` ya zamani inayokataa, iite kutoka humo humo kwa `cmd /c rmdir ripoti`.

Kuna jambo moja Windows ina ukali kuliko Linux. Kwenye Linux unaweza kufuta folda hata kama terminali nyingine imekaa ndani yake, itabaki tu imesimama kwenye folda isiyokuwepo. Windows inakataa, inasema `The process cannot access the file because it is being used by another process.` Mara nyingi mchawi ni wewe mwenyewe, una dirisha lingine la cmd ulifanya `cd` humo ukalisahau. Toka humo. Ukishindwa kumjua aliyeshikilia fungua `resmon`, nenda kwenye CPU, sehemu ya Associated Handles, andika jina la folda, itakutajia programu.

Na kuna ile ya `rmdir /s /q` kusema `The directory is not empty.` halafu ukiirudia sekunde mbili baadaye inapita kama hakuna kilichotokea. Hii inaua sana skripti za watu. Windows kwa desturi ukifuta faili ambalo programu nyingine bado imelishika, na programu hiyo imekubali lifutwe, faili linawekewa alama ya kufutwa ila jina linabaki kwenye daftari mpaka wa mwisho aachie. Antivairasi inayokagua mafaili na ile huduma inayopanga utafutaji zina tabia ya kulishika faili kwa nukta ya sekunde hivi. `rmdir` inafuta faili, inaambiwa sawa, inakwenda kufuta folda, jina bado lipo. Windows 10 za baadaye zilirekebisha hili kwenye diski za NTFS, jina linaondolewa mara moja kama ilivyo Linux, kwa hiyo kwenye mashine mpya utaliona kwa nadra zaidi. Kwenye skripti suluhisho la kawaida ni kujaribu, kusubiri sekunde moja, kujaribu tena, na ukifika mara ya tatu bado inagoma acha kujaribu, hapo kuna programu imelishika kweli na inabidi uitafute.

Nimesahau moja, ya wale wenye mti mkubwa wa folda ambazo nyingi zimebaki tupu baada ya kuhamisha mafaili. Msipige `rm -r` kwenye mti mzima mkiamini hamna kitu. Kwenye Linux:

```
$ find ripoti -type d -empty -delete
```

Inaanza chini inapanda, folda iliyokuwa imebeba folda tupu peke yake nayo inakuwa tupu na inaondoka, na yoyote yenye faili hata moja inabaki ilipo. Ila angalieni mpangilio, `-delete` ikae mwisho. Ukiiweka mwanzo kabisa, mbele ya `-type d` na `-empty`, `find` inasoma kutoka kushoto na itafuta kila kitu kabla haijafika kwenye hayo masharti.